Tupeane uzoefu: jumla ya mwezi inasoma pungufu kwa sababu fomula haijafika mstari wa mwisho

Mzee wa Daftari

Wakuu, habari za kazi. Naanza na yangu, nanyi mlete zenu.

Natunza rekodi ya mauzo kwenye Excel. Shiti ya kwanza inaitwa Mauzo: kolamu A tarehe, B bidhaa, C kiasi. Ya pili ni Muhtasari, na bosi huwa anafungua hiyo tu. Kila mwezi nakopi faili la mwezi uliopita, nasafisha data, naanza upya. Faili la kwanza nililitengeneza mwezi uliokuwa na mauzo 213, kwa hiyo fomula ya jumla ilikaa hivi:

```
=SUM(Mauzo!C2:C214)
```

Miezi minne shwari, maana hatukuwahi kuvuka mstari wa 214. Mwezi wa tano kazi ikachangamka, nikajaza hadi mstari wa 251. Muhtasari ukasoma 3,902,100, na mimi kwa mkono wangu nikaandika "mauzo yameshuka kidogo". Mtu wa stoo ndiye aliyeshangaa, kwa sababu mzigo uliotoka haukufanana na mwezi uliolegea. Nikaichagua kolamu C yote, nikatazama ile jumla ndogo inayotokea chini ya skrini: 4,318,600. Mistari 37 ya mwisho, yenye 416,500, ilikuwa nje ya fomula.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna kilicholia. Namba ilikaa pale imetulia kama namba nyingine yoyote. Na mwezi uliovuka mpaka ndio mwezi tuliouza sana, yaani mwezi mzuri ndio ulioonekana mbaya.

Salome K

Pole sana. Hata mimi yalinikuta. Namba zilikuja kutoka mfumo mwingine, SUM ikaziruka kabisa. Kumbe zilikuwa maandishi, zimeegemea kushoto mwa seli. Badilisha ziwe namba, itakaa sawa.

Mzee wa Daftari

Asante dada, ila zangu zilikuwa namba kweli. Nilipozichagua zilijumlika.

Rashidi wa Shiti

Mbona Excel inajiongeza yenyewe? Mimi jumla yangu iko chini ya kolamu. Naingiza mstari juu ya jumla, naandika kiasi, fomula inasogea. Sijawahi kuigusa. Labda una toleo la zamani.

Mama Hesabu

Rashidi, unachokiona kipo, lakini usikitegemee. Nimekagua mafaili ya watu miaka mingi, na hiki ndicho kinachowalaza usingizi.

Fomula ya `C2:C214` inashika ncha mbili tu, ya juu na ya chini. Ukiingiza mstari katikati ya ncha hizo, ya chini inasukumwa, eneo linakua. Ukiandika kwenye mstari wa 215, hujasukuma chochote, na eneo linabaki lilivyokuwa. Ukifuta mstari mzima katikati, eneo linapungua. Sasa mfikirie mtu ambaye kila mwezi anafuta mistari iliyozidi, halafu anaongeza mipya chini. Fomula yake inazidi kusinyaa na haipati nafasi ya kurefuka. Nilishakuta faili ambalo jumla ilibaki na eneo la mistari kumi na mbili, na mwenyewe anaapa hajawahi kugusa fomula. Kweli hakuigusa.

Hiyo ya kwako, Rashidi, ni msaada wa ziada. Excel ikiona jumla iko chini tu ya namba, nawe ukaandika kwa mkono kwenye mstari mpya ulioungana nazo, inakisia kwamba unataka ihesabiwe, inarefusha fomula. Sasa kopi mistari ishirini kutoka faili lingine uibandike juu ya jumla, halafu bonyeza F2 kwenye seli ya jumla. Utaona ule mpaka wa rangi umeishia wapi. Na jumla ikiwa shiti nyingine, kama ya Mzee, msaada huo haumfikii.

Dada Salome, tatizo lako ni binamu wa hili, na kuyatenganisha ni rahisi. Chagua namba zote za kolamu bila seli ya jumla, tazama jumla ya chini ya skrini. Ikizidi ile ya fomula, kuna mistari iliyoachwa nje. Zikilingana na bado unajua pesa haitoshi, hapo tafuta namba zilizoandikwa kama maandishi, kwa sababu hata ile jumla ya chini haizihesabu.

Rashidi wa Shiti

Nimejaribu kubandika mistari mitano sasa hivi. Mpaka wa rangi umeishia pale pale pa zamani. Ngoja nikafungue faili la mwezi uliopita.

Mchumi Mtoro

Msijilaumu sana, hata wakubwa limewakuta. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa andiko kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, likanukuliwa na wanasiasa kila kona. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alipewa faili lao la Excel akakuta wastani umechukuliwa mstari wa 30 hadi 44 badala ya 30 hadi 49. Nchi tano zilibaki nje, kuanzia Australia hadi Denmaki. Lile lilikuwa kosa dogo kati ya yaliyobishaniwa, lakini ndilo watu wanalolikumbuka, kwa sababu kila mtu amewahi kulifanya.

Bi Mpangilio

Mimi halikunipata kwenye SUM, lilinipata kwenye PivotTable. Nilikuwa nabonyeza Refresh kila asubuhi nikijua nimemaliza. Kumbe chanzo chake kiliandikwa hadi mstari wa 300, na Refresh inasoma upya mistari ile ile 300. Nimepeleka ripoti tatu. Ya tatu niliishtukia kwa sababu tarehe ya mwisho iliyoonekana ilikuwa ya 19, na siku hiyo tulikuwa 30. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachoweka kwenye muhtasari wowote ni tarehe ya mwisho iliyohesabiwa. Inanisaidia kuliko jumla yenyewe.

Mzee wa Daftari

Hilo la tarehe nalichukua. Mama Hesabu, sasa nifanyeje? Nikiandika hadi C5000 si yataisha?

Mama Hesabu

Yataisha hadi siku ya mstari wa 5001, na siku hiyo hutakuwepo wewe, atakuwepo mwenzako asiyejua. Kwa kuwa jumla yako iko shiti nyingine, taja kolamu nzima:

```
=SUM(Mauzo!C:C)
```

Kichwa cha kolamu ni maandishi, SUM inakiruka. Ila usiiweke fomula hii ndani ya kolamu C hiyo hiyo, itajijumlisha yenyewe na Excel italalamika. Tena hakikisha hakuna jumla ndogo zilizofichwa humo katikati, la sivyo utahama kutoka pungufu kwenda mara mbili.

Kama ungependa kuacha kukopi faili kila mwezi, weka mauzo ya mwaka mzima kwenye shiti moja, na kwenye Muhtasari seli B1 andika tarehe ya kwanza ya mwezi:

```
=SUMIFS(Mauzo!C:C,Mauzo!A:A,">="&B1,Mauzo!A:A,"<"&EDATE(B1,1))
```

Hapo jihadhari na tarehe. Iliyoingia kama maandishi haitaangukia mwezi wowote, utarudi kwenye pungufu kwa mlango wa nyuma.

Na faili la mwezi ule usilitupe. Weka seli moja pembeni:

```
=COUNT(Mauzo!C:C)-COUNT(Mauzo!C2:C214)
```

Itakupa 37. Fungua na ya miezi mingine uone. Sifuri ndiyo inayotakiwa.

Fundi Jedwali

Kwa heshima, Mama, kolamu nzima ni njia ya wavivu. Chagua data, bonyeza Ctrl+T, iwe jedwali rasmi, lipe jina. Ukiandika au ukibandika chini yake linameza mstari wenyewe, na fomula inasomeka:

```
=SUM(tblMauzo[Kiasi])
```

Hata mtu mwingine anaelewa inajumlisha nini. Nimehamisha mafaili yote ya ofisi hivyo, na PivotTable ya Bi Mpangilio ingetajiwa jina la jedwali, mistari mipya ingeingia kila akibonyeza Refresh.

Mama Hesabu

Sikatai, mwenyewe nalitumia. Lakini nimeona likiachwa nyuma vilevile. Mtu anaruka mstari mmoja mtupu ili "ipendeze", anaanza kuandika chini yake, jedwali halijui kama hayo ni yake. Kwa wasiozoea, kolamu nzima inasamehe zaidi.

Fundi Jedwali

Anayeruka mistari afundishwe kutoruka. Tusijenge kwa ajili yake.

Mama Hesabu

Mwanangu, huyo huyo ndiye anayejaza.

Salome K

Samahani, mimi natumia LibreOffice. Hiyo Ctrl+T sioni ikifanya mnachosema.

Mama Hesabu

Kwako tumia kolamu nzima, `C:C` inakubali. Google Sheets nako unaweza kuandika `C2:C` bila namba ya mwisho, ianzie mstari wa pili iende mpaka chini. Excel haiijui hiyo.

Rashidi wa Shiti

Nimerudi. Mwezi uliopita mistari kumi na minane haikuingia. Ilikuwa ile niliyotumiwa na tawi nikaibandika. Miezi ya nyuma sijafungua. Nakunywa maji kwanza.

Kwa wasiotaka fomula ngumu, nimekuta njia moja kwenye mafaili ya aliyekuwepo kabla yangu, leo ndiyo nimeielewa. Aliacha mstari mwembamba mtupu, ameupaka kijivu, juu tu ya jumla, na SUM inafika hadi kwenye huo mstari wa kijivu. Kila kitu kinaingizwa juu ya kijivu, kwa hiyo kila kitu kiko katikati ya ncha mbili. Mimi niliufuta kwa sababu niliona ni uchafu.

Bi Mpangilio

Hahaha, pole. Nawe usisahau kipimo cha haraka: andika namba kubwa ya ajabu kwenye mstari wa mwisho, milioni mia, tazama jumla kama imeruka, halafu Ctrl+Z. Sekunde tano.

Mzee wa Daftari

Nimefungua miezi yote. Minne ni sifuri, mmoja ni 37. Bosi nimemwambia, kacheka kidogo, kisha kauliza kama na ya mwaka jana nimeangalia.

Swali la mwisho. Nimefuata ya Fundi, nimetengeneza jedwali. Nikaifunga shiti kwa nywila ili vijana wasiharibu fomula, seli za kuandikia nikaziacha wazi. Tangu niifunge, jedwali limekataa kukua, wanaandika chini yake na jumla haisogei. Nikiifungua linakua tena.

Fundi Jedwali

Hapo umenikamata. Kwenye shiti iliyofungwa jedwali halijiongezi, hata seli ziwe wazi. Mimi huwa sifungi shiti ya data, nafunga ya Muhtasari tu.

Mzee wa Daftari

Na vijana wakifuta kolamu?

Mama Hesabu

Acha shiti ifungwe, rudisha `C:C` kwenye Muhtasari.

Fundi Jedwali

Hapana, kuna namna ya kuifanya na makro, ifungue, iongeze mstari, ifunge. Nikifika nyumbani naijaribu.