Naombeni ushauri: nimemuuguza mama miaka minane, nataka kurudi kufundisha

Mwana_Korogwe
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mwalimu wa sekondari, masomo yangu Kiswahili na Historia. Mwaka 2016 mama alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala na maneno yakakatika. Mtoto wa kike ni mimi peke yangu, kaka zangu wana familia zao, nikarudi nyumbani kumwangalia. Alifariki mwaka jana, 2024, mwezi wa tisa. Arobaini imepita, watu wametawanyika, nyumba imebaki na mimi.

Mama alikuwa anageuzwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoboke. Mpaka leo naamka saa nane usiku, naamka tena saa kumi, nakaa kitandani sina wa kumgeuza. Mchana nao hauna kichwa wala miguu.

Nataka kurudi darasani. Nimeshafungua akaunti Ajira Portal. Swali langu ni moja: hiyo miaka minane naandika nini kwenye wasifu? Nikiacha wazi itaniharibia?

Kinjekitile Mdogo
Pole sana dada. Achana na ajira za kuandika barua. Anza na kuku wa kienyeji 50, eneo si unalo hapo nyumbani? Mimi nilianza hivyo Kibaha.

Mama Nuru
Pole mwanangu. Aliyemuuguza mzazi wake hakosi radhi. Usiandike kitu chochote, mwachie Mungu atafungua mlango.

Mwana_Korogwe
Asanteni. Kuku sitaki kusema uongo, sina moyo nao. Nataka kufundisha.

Masijala
Mwalimu, pole kwa msiba. Mimi nimekaa ofisi ya utumishi ya halmashauri miaka 26 kabla sijastaafu. Kabla ya kuzungumzia wasifu, nijibu mambo mawili. Huko nyuma ulikuwa unafundisha shule ya serikali au binafsi? Na uliondokaje: kwa barua ya kuacha kazi, kwa likizo bila malipo, au vipi?

Mwana_Korogwe
Shikamoo mzee. Ilikuwa ya serikali, niliajiriwa 2010 na nikathibitishwa kazini. Niliondoka vizuri tu, mkuu wa shule alikuwa na taarifa zote. Lakini naona hayo yameshapita, mimi nauliza kuhusu wasifu.

Masijala
Marahaba. Hayajapita, ndiyo yenyewe. Mkuu wa shule kuwa na taarifa si ruhusa. Uliandika barua? Mshahara ulisimama lini?

Mtoto wa Chalinze
Mzee anauliza kama polisi hahaha. Dada jibu tu, humu hakuna anayekujua.

Mwana_Korogwe
Sikuandika barua. Mama alianguka mwezi wa tano, nikapigiwa simu usiku, asubuhi nikamuaga mkuu kwa mdomo. Akaniambia nenda mwalimu, mama ni mmoja. Nilidhani ni wiki mbili. Mshahara uliendelea kuingia mwezi wa sita, wa saba na wa nane, halafu ukakata. Zile pesa sikufanyia starehe. Zilinunua godoro la hewa, nepi za watu wazima na mpira wa kumlishia. Sijui mlitaka nifanye nini.

Nitasema ukweli wote. Ajira Portal sehemu ya uzoefu wa kazi nimeshaiacha tupu. Nimejaza kama mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Naona ni salama zaidi, maana wapo wengi waliohitimu miaka hiyo hawajapata kazi mpaka leo.

Masijala
Hapo ndipo nilipokuwa nakuogopea. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni utoro, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Kwa mwalimu, shauri huendeshwa na Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya. Hati ya mashtaka hutumwa kwa anwani yako ya mwisho wanayoijua. Wewe uko Korogwe, hati iko shuleni, hakuna aliyejibu, shauri linaamuliwa bila wewe. Inawezekana ulifukuzwa miaka minane iliyopita na hujui.

Sasa hiyo sehemu uliyoiacha tupu. Cheki namba yako ipo kwenye kumbukumbu za mishahara, jina ni lile lile, vyeti ni vile vile. Unaweza kushinda usaili, ukapangiwa kituo, ukaripoti na mizigo yako, halafu afisa utumishi anapokuingiza kwenye mfumo jina linajitokeza. Nimeshaona mtu anarudishwa siku hiyo hiyo. Na hapo huna tena kosa la utoro peke yake, una na la kudanganya.

Mwalimu Chaki
Mzee wangu, nakuongezea. Dada asihofu umri, matangazo yanasema mwisho miaka 45 isipokuwa walio serikalini, na yeye alishakuwa serikalini.

Masijala
Mwalimu Chaki, soma vizuri. Yanasema walioko kazini serikalini. Yeye hayuko kazini. Miaka 45 inamhusu, kwa hiyo ana kama miaka mitatu.

Darubini
Samahanini, mimi nanusa chai hapa. Uhakiki wa watumishi hewa ulianza Machi 2016, kila halmashauri ilikuwa inahesabu watu wake kichwa kwa kichwa. Mwalimu haonekani shuleni tangu Mei na mshahara unaingia mpaka Agosti? Halafu kila akiulizwa anaongeza kipande kipya. Mimi naona huyu alikuwemo kwenye ile orodha ya vyeti feki ya Aprili 2017, watu zaidi ya 9,900, na mama wa kiharusi ametungwa.

Mtoto wa Chalinze
Duh. Kweli hiyo miezi mitatu inatia shaka. Mleta mada, leta ushahidi.

Kinjekitile Mdogo
Ndiyo maana nikasema kuku. Kuku hawaulizi vyeti.

Mwana_Korogwe
Vyeti vyangu ni vyangu. Nilisoma kwa jasho la huyo huyo mama, alikuwa anauza machungwa pale stendi. Kuhusu mshahara, mkuu alikuwa anaandika kwamba niko kwenye ruhusa ya kuuguza, alitegemea nitarudi kwa ajili ya kidato cha nne. Ulipofika uhakiki hakuweza tena, ukakatwa.

Darubini, sina picha ya kukuwekea hapa. Nina daftari. Kila ukurasa una saa nne, sita, nane, kumi, na pembeni KL, KSH au CH, kulia, kushoto, chali. Godoro la hewa lina pampu inayovuma usiku kucha, unazoea, unalala nayo. Umeme ukikatika kinachokuamsha ni kimya. Unaruka kitandani ukijua godoro linanywea na mgongo wake unagusa mbao. Kama hiyo ni chai, sawa.

Fundi Cherehani
Darubini, mwache dada. Mimi nilimuuguza baba Muheza miaka mitatu. Hilo la kimya cha pampu hulijui mpaka ulale nalo. Mimi nilikuwa nafunga kengele ya baiskeli kwenye kidole chake, maana alikuwa hawezi kuita. Alipofariki niliisikia kengele miezi sita. Nilikuwa na cherehani mbili, zilikuwa zimeshika kutu. Nilianza na kupunguza suruali za watu, siku moja suruali mbili. Sijui kama inakusaidia, samahani nimetoka nje ya mada.

Masijala
Darubini umeuliza swali la maana ila jibu lipo. Mkuu wa shule akichelewa kutoa taarifa, halmashauri inaendelea kulipa. Uhakiki wa 2016 uliwanasa wengi wa namna hii hii, watu halisi ambao hawako kituoni.

Mwalimu, fanya hivi. Usitume maombi yoyote kwanza. Chukua barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa na hati moja ya mshahara yenye cheki namba, nenda ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya uliyokuwa unafundisha. Omba kwa barua nakala ya uamuzi wa shauri lako. Kuna majibu mawili yanayowezekana. La kwanza, ulifukuzwa. Siku za rufaa zimekwisha kitambo, na kurudi serikalini kutahitaji kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi, ambacho siwezi kukuahidi. La pili, hakuna uamuzi wowote, faili limelala. Hapo mambo yako wazi zaidi, lakini ukiliamsha linaweza kuishia na mashtaka.

Ukitoka hapo pita utumishi, uombe hesabu ya mishahara ya miezi mitatu. Usikadirie mwenyewe wala usimkabidhi mtu pesa mkononi. Watakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, utalipa benki au kwa simu, stakabadhi uitunze. Barua yoyote ya kuomba huruma bila ile stakabadhi haina miguu.

Mwana_Korogwe
Mzee, mbona nijipeleke mwenyewe? Miaka minane hakuna aliyenitafuta.

Masijala
Kwa sababu hukuwa unatafuta kazi kwao. Sasa unaitafuta.

Bibi Taaluma
Naomba niingie. Mimi ni makamu mkuu wa shule binafsi, taaluma. Hayo ya serikali yatachukua muda, na binafsi hatuhitaji kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Wasifu ukija na miaka minane mitupu naweka pembeni. Ukija na mstari mmoja, "2016 hadi 2024: nilimuuguza mzazi nyumbani", naita mtu. Kinachomwangusha mwalimu aliyekaa nje ni somo la majaribio. Anakuja na andalio la zamani, anasoma notisi, wanafunzi wananakili.

Mtaala mpya ulianza na kidato cha kwanza na unapanda mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka huu wa 2025 kidato cha tatu na cha nne bado wako kwenye muhtasari ule ule uliouacha wewe. Omba vidato hivyo. Mlango huo unafungwa polepole. Huku ukifundisha, soma muhtasari mpya wa kidato cha kwanza kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, hasa Historia ya Tanzania na Maadili, shule nyingi zinahangaika na walimu wake.

Mama Nuru
Au akauguze wagonjwa kwa malipo, mikono anayo.

Mwana_Korogwe
Hapana mama. Nakuheshimu, lakini mikono hii haitamgeuza mtu mwingine. Nikikuta godoro la hewa mahali nitatoka.

*(siku 11 baadaye)*

Mwana_Korogwe
Nimerudi. Nilisafiri. Ofisi ya Tume walinipokea vizuri, kijana akatafuta jina langu kwenye rejista ya mashauri ya 2016 na 2017, halipo. Kasema nirudi wiki ijayo waangalie faili lenyewe. Utumishi wamechukua barua yangu ya kuomba hesabu, wakanigongea muhuri kwenye nakala. Sijalipa kitu.

Kule Ajira Portal sijafuta, sijajaza. Nafungua naangalia nafunga.

Bibi Taaluma, Alhamisi nina somo la majaribio shule moja huku Tanga, kidato cha tatu, saa tatu asubuhi. Wamenipa ngeli. Nimeandaa dakika 40, jana usiku saa nane nilipoamka nikaifundisha kwa sauti chumbani kwa mama. Imeishia dakika 22. Nipunguze mifano ya KI-VI nianze na mazoezi, au nimekimbia tu?

Bibi Taaluma
Umekimbia. Chumba hakina anayekosea. Waachie watoto watunge sentensi ubaoni, hizo dakika 18 zitakwisha zenyewe. Nitumie andalio, nilipitie leo.