Ushauri: Nageuza picha za kitabu na ubao kuwa notisi, vipeo vinaharibika

Binti_Kizota: Wakuu, habari za jioni. Nina picha 40 za kitabu cha fizikia cha kidato cha tano, pamoja na picha za ubao mweupe wa tuisheni hapa Dodoma. Natumia Tesseract. Maneno yanatoka vizuri, ila λ inakuwa A, na vipeo vya 10 vinashuka na kuwa namba za kawaida. Nitayaonaje makosa bila kurudia kusoma kila ukurasa?

Stesheneri_Majengo: Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha pitisha kikagua tahajia. Makosa yote yanaisha.

Mwl_Nkuhungu: Mkuu, hiyo inafaa pale mwanga ulipoenea sawasawa. Penye kivuli cha mkono, au karatasi inapojikunja kuelekea mshono wa kitabu, panageuka doa jeusi na maneno yanamezwa. Kikagua tahajia nacho hakijui namba, `107` haimshtui.

Binti, Tesseract inakupa maandishi ya mstari mmoja tu, hivyo kipeo kinashushwa chini, na alama ndogo ya kutoa hupotea kama vumbi. λ nayo inapewa herufi ya Kilatini inayoifanana. Usiwinde kwa macho, anza hivi:

```
tesseract uk12.jpg uk12 -l eng
grep -nE '10[-0-9]|IO|lO' uk12.txt
```

Utaletewa mistari yenye shaka pekee, pamoja na 100 chache zisizo na kosa. Linganisha kila mstari na picha.

Kisha kokotoa upya mifano ya kitabu. Tuseme notisi zako zina λ = 5.0 × 10^7 m, c = 3.0 × 10^8 m/s, na jibu ni f = 6.0 × 10^14 Hz. Ukigawa c kwa λ unapata 6 Hz. Jibu limekataa, kwa hiyo rudi kwenye picha: utakuta ni 10^-7. Hata bila kukokotoa, wimbi la mwanga lenye urefu wa mita milioni hamsini halipo.

Stesheneri_Majengo: Kumbe ni fizikia! Mimi nilidhani barua za Kiswahili; huko natumia `-l swa`.

Binti_Kizota: Asante sana mwalimu. Na ubao je?

Mwl_Nkuhungu: Ubao chapa mwenyewe. Tesseract imezoea maandishi ya kuchapwa. Mwandiko wa mkono inaubahatisha tu. Picha ipige bila flashi, ukisimama pembeni kidogo ili mng'ao wa taa usifunike maandishi.

Kijana_Chamwino: Sehemu pia ziangalie. Juu na chini zinatoka mistari miwili tofauti, na mstari wa kugawanya haupo kabisa. Hiyo `grep` haiwezi kuzinasa.

Mwl_Nkuhungu: Kweli. Mimi huziandika kwa mkono, mfano `(a+b)/c`, mabano yasisahaulike. Mwenye njia ya haraka zaidi aiweke hapa.