Nimetumiwa picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, haina maelezo yoyote. Mngeanzia wapi?

Mchapaji_Majengo
Wakuu, habari za jioni. Niko steshenari hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Leo mchana imeingia picha kwenye WhatsApp ya ofisi kutoka namba tusiyoijua. Hakuna salamu wala maelezo, picha peke yake. Nimejibu "Karibu, tukusaidie nini?" imebaki tiki moja, nikipiga simu haipatikani. Wateja wa vijijini wengi huwa hivyo: anatuma picha akiwa sehemu yenye mtandao, kesho anashuka na basi la asubuhi akitegemea kukuta kazi tayari.

Nawaeleza karatasi yenyewe, majina nimeyabadilisha. Imechanwa kwenye kaunta buku, imeandikwa kwa peni ya bluu. Juu kuna herufi kubwa zilizopigiwa mstari: MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO WA MAREHEMU YOHANA CHITEME, halafu jina la kijiji, wilaya ya Chamwino na tarehe. Inafuata "Waliohudhuria", majina tisa, la sita limekatwa. Ajenda ni kufungua kikao, kumteua msimamizi wa mirathi, mengineyo, kufunga kikao. Kwenye ajenda ya pili wametaja aliyeteuliwa na mali: nyumba, shamba la ekari 6, ng'ombe 14. Hapo jina la marehemu linasomeka Chitemo, si Chiteme. Mwisho kabisa kuna "Mwenyekiti ............" na "Katibu ............", na kwenye vidoto hakuna kitu. Kona ya juu kuna hesabu za peni nyeusi zilizoandikwa kwa ubavu, 3,500 x 4 = 14,000.

Mwenzangu anasema tuiprinti picha ilivyo, basi. Mimi naona anataka ichapwe. Na nikichapa, nirekebishe kiasi gani?

PeniNyekundu
Chapa kama ilivyo, neno kwa neno, na makosa yake. Sisi wachapaji hatuhariri karatasi za watu. Aliandika Chiteme, weka Chiteme. Aliandika Chitemo, weka Chitemo. Na zile hesabu za kona weka pia, huwezi kujua zina maana gani kwake.

Hadija_Kibaigwa
Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Kibaigwa, na picha za namna hii napokea karibu kila siku. Nondo, saruji, mabati, misumari, hakuna neno jingine. Kwangu naangalia upande wa kulia wa orodha. Kama fundi amechora safu ya bei na kuiacha tupu, anataka nimjazie bei. Kama kuna vitiki mbele ya baadhi ya vitu, hivyo ameshanunua, anataka vilivyobaki. Kama bei zimejazwa na jumla imepigwa chini, hiyo ameitoa duka lingine, anataka kujua kama mimi nitashusha. Orodha ni ileile ila kazi ni tatu tofauti. Hivyo hata wewe tazama wameacha wazi wapi.

MzeeWaMasjala
Hadija ameshika penyewe. Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, na muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi niliyoipokea sana. Wacha nikueleze ninavyoisoma yako.

Anza chini, usianze juu. Vidoto vya mwenyekiti na katibu viko vitupu, na hujataja muhuri wa mtendaji wala saini kwenye orodha ya majina. Kwa hiyo kilichoko mbele yako ni rasimu. Ingekuwa na saini na dole gumba za watu, hapo mwenzako angekuwa na hoja, kwa sababu karatasi iliyosainiwa ndiyo hati yenyewe: mtu huwa anataka nakala yake, na ukiichapa upya unamlazimisha kuwakusanya wazee wote wasaini tena. Rasimu isiyosainiwa haina matumizi ikiprintiwa kama picha. Hakuna atakayetaka kusaini juu ya kivuli cha kidole na mistari ya kaunta buku.

Halafu jiulize karatasi hii inakwenda wapi. Ajenda ya pili inakujibu. Kikao cha ukoo kinachomteua msimamizi wa mirathi, kijijini, mara nyingi safari yake ni Mahakama ya Mwanzo, ambako aliyeteuliwa hupeleka maombi akiwa na muhtasari huo na cheti cha kifo. Tena kaituma steshenari. Angeituma kwa mwanasheria, ningesema anataka ushauri. Angeituma kwenye kundi la familia, ningesema anataka wasome kama wamekubaliana. Kwa mchapaji, anataka ichapwe, ikae vizuri, iwe na nafasi ya kutosha kusaini.

Sasa kiasi cha kurekebisha. Hapo PeniNyekundu yuko sahihi nusu. Majina, tarehe, ekari, idadi ya ng'ombe, uamuzi wa kikao, hivyo usiguse hata herufi. Lakini herufi kubwa iliyosahaulika mwanzo wa sentensi, neno lililoandikwa mara mbili kwa bahati mbaya, namba za orodha zilizoruka, rekebisha tu, hakuna mteja atakayelalamika. Hesabu za kona ziache nje. Peni tofauti, mwelekeo tofauti, na ndani ya muhtasari hakuna mahali zinapotajwa. Mtu alishika karatasi iliyokuwa karibu akapiga hesabu zake.

Jina la marehemu ndilo la hatari. Usichague kwa kubahatisha, na usiache mawili yapite kimya. Kabla hujamuuliza, hakikisha kwanza kama kweli ni mawili. Tafuta "e" na "o" za mwandishi huyohuyo mwishoni mwa maneno mengine yasiyo na utata. Neno "wote" likoje? "Hivyo" likoje? Wengine hufunga "e" hadi inafanana na "o". Kisha angalia watoto wa marehemu kwenye mahudhurio, wao wameandikwaje.

Mchapaji_Majengo
Asante sana mzee. Nimekuza picha. "E" zake ziko wazi kabisa na zina kijimkia kinachopanda, "o" zimefungwa. Kwa hiyo ni kweli ameandika mawili tofauti. Wanne kwenye orodha wanaotumia jina hilo wote ni Chitemo, ingawa karatasi haisemi kama ni watoto wake, na kwenye ajenda ni Chitemo mara mbili. Chiteme ipo kwenye kichwa tu. Nakaribia kusema kichwa ndicho kilichokosewa.

Ila nimeona kitu kingine. Mstari uliokata jina la sita si wa peni ya bluu. Ni mweusi, kama zile hesabu za kona.

Fundi_wa_Simu_Kondoa
Kama picha haisomeki mwambie aitume tena kama dokumenti, isiwe picha ya kawaida. WhatsApp inaibana picha, mwandiko mdogo unafifia. Na asimame karibu na dirisha, asiwashe flashi, inaleta mng'aro katikati ya karatasi.

Mchapaji_Majengo
Inasomeka mkuu, tatizo si hilo. Ila nashukuru, wengine wanatuma vitu ambavyo huwezi kuona hata kichwa.

MzeeWaMasjala
Kuhusu jina, umefanya vizuri, na mimi ningeegemea Chitemo kama wewe. Lakini usichape moja kimyakimya. Kinachoamua jina la marehemu pale mahakamani ni cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, na cheti nacho kinaweza kuwa na tahajia ya tatu. Jina likipishana kati ya muhtasari na cheti, watu huambiwa walete kiapo cha kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja. Hiyo ni safari nyingine na gharama nyingine kwa sababu ya herufi moja. Chapa Chitemo, uiwekee rangi ya njano sehemu zote, mwambie alinganishe na cheti kabla hujaprinti.

Kuhusu jina la sita, sasa habari imebadilika. Lingekatwa kwa peni ya bluu ningesema katibu alikosea akaliondoa palepale, liache nje uendelee. Wino mwingine unamaanisha limekatwa baadaye. Na kikao kilichomteua msimamizi, mtu kuondolewa kwenye orodha baadaye si jambo la mchapaji kuamua. Huenda hakuhudhuria, mtu amesahihisha. Huenda pia alihudhuria akapinga.

BintiChamwino
Mzee nakuheshimu sana lakini hapo sikubaliani. Kwetu mambo ya mirathi ni moto. Simu aliyotumia inaweza kuwa ya jirani au ya mtoto wa shule. Ukiandika "kwa nini fulani amekatwa" ukamfikia asiyehusika, umeingiza ukoo mzima kwenye ugomvi. Jina limekatwa, usiliweke, na watakaosaini ndio watakaoona kama kuna mtu amesahaulika. Karatasi itarudi kijijini kusainiwa, haiendi mahakamani moja kwa moja.

MzeeWaMasjala
Mwanangu, hofu yako ina msingi, nami sisemi aulize kwa nini. Aulize tu: "Kwenye mahudhurio niweke majina mangapi, 8 au 9?" Hakuna jina linalotajwa. Lakini akiacha nje bila kuuliza, watakaopewa kusaini ni hao wanane. Huyo wa tisa hataiona kabisa.

BintiChamwino
Swali la idadi nalikubali. Bado naona asingesubiri jibu ili kuanza kazi.

Hadija_Kibaigwa
Aanze. Mimi huwa nahesabu vile visivyo na utata, vingine naviacha wazi. Mteja akifika tunamalizia pamoja dakika tano.

Mchapaji_Majengo
Nimekaa nikaichapa. Ukurasa mmoja wa A4, kichwa katikati, mahudhurio yakiwa jedwali lenye safu ya jina, uhusiano na marehemu, na saini. Uhusiano nimeuacha mtupu kwa sababu karatasi haisemi, mzee nisahihishe kama safu hiyo haitakiwi. Nafasi ya sita nimeiacha ikiwa na vidoto. Sijaprinti. Nimetuma PDF na ujumbe huu:

"Habari. Tumepokea picha ya muhtasari na tumeuchapa. Tunaomba majibu mawili kabla ya kuprinti. Kwanza, jina la marehemu kwenye cheti cha kifo limeandikwaje? Tumeweka alama ya njano. Pili, mahudhurio yawe majina 8 au 9? Kama ulihitaji nakala ya picha tu, tuambie."

MzeeWaMasjala
Ujumbe uko sawa. Safu ya uhusiano mahakama wengine huipenda, ila hukuombwa. Ingekuwa mimi ningeiondoa kwenye hii, nimwonyeshe mteja akija, achague mwenyewe.

PeniNyekundu
Kwenye hesabu za kona na makosa madogo nimekubali. Kwenye jina la marehemu bado ningechapa yote mawili kama alivyoandika na kuweka njano zote, ili aone mwenyewe kwamba aliandika tofauti. Ukiweka Chitemo kote, mtu mwenye haraka atapitisha macho tu.

Mchapaji_Majengo
Hoja yako ina uzito PeniNyekundu. Nimerudisha Chiteme kwenye kichwa, ikiwa na njano, na nimeondoa safu ya uhusiano.

Amejibu sasa hivi kwa sauti. Ni mpwa wa marehemu, kaagizwa na katibu, kesho anakuja mjini. Kuchapa ndiyo kazi aliyotaka. Cheti atakuja nacho tuangalie jina. Kuhusu idadi amesema, "Hiyo ngoja nimpigie katibu, mimi karatasi niliikuta imeshakatwa." Nimemwambia faili naliacha wazi hadi katibu aseme.