Picha za kupamba: kundi la WhatsApp, Drive au albamu moja ya Google Photos?

binti_kibokoni
Assalaam alaykum. Harusi ya mdogo wangu imekwisha Jumapili, sasa nimebaki na picha. Za nikaha ni kama 300, hizo hazina taabu. Taabu ni za kupamba: 640, wanawake tu, wengi bila buibui wala mtandio. Mpiga picha alikuwa mwanamke na simu tulizikusanya mlangoni, kwa hiyo nakala ziko kwangu na kwake tu. Shangazi zangu wa Muscat wanazitaka leo leo. Nataka kila aliyemo aweze kusema "yangu toa", na iwepo siku ya mwisho, maana sitaki kuwa nafuta picha mpaka mtoto wa bibi harusi aanze shule. Njia gani hapo?

mwana_wa_bandari
WhatsApp, dada. Kila mtu anayo. Akilalamika mtu unafuta kwa wote, mambo yamekwisha.

fundi_wa_kamera
Kaka, hapo umemchimbia shimo. Kufuta kwa wote kuna muda wake, siku mbili na ushei tu. Na simu nyingi zinapakua picha zenyewe zikaingia kwenye galari. Ujumbe unafutika, lakini picha aliyoihifadhi mtu hutaifikia. Halafu WhatsApp inaibana picha, mapambo ya hina yanakuwa madoa.

jomo_tekno
Drive basi. Weka watazamaji tu, zima ruhusa ya kupakua. Hakuna anayetoka na picha.

fundi_wa_kamera
Nusu yake ni kweli. Kupakua kunazimika, ila skrinshoti haizimiki. Na ajuza wa miaka 70 kufungua folda yenye mafaili 640 ni adhabu. Albamu ya Google Photos inatazamika vizuri zaidi, lakini nayo ina tundu: mtu akihifadhi picha kwenye akaunti yake, wewe ukiitoa albamuni, yake inabaki.

Ndiyo maana, binti_kibokoni, siku ya mwisho ya maombi ninaiweka *kabla* albamu haijafunguliwa. Ukiiweka baada, unaahidi usichoweza kutimiza.

Mimi hufanya hivi. Ninaandika namba pembeni mwa kila picha, 1 mpaka 640. Mama wa bibi harusi anaita watu nyumbani alasiri moja, laptopu mezani, kila mtu anajitazama na kutaja namba. Hakuna kiungo kinachotumwa. Aliye mbali anatumiwa zile alizomo yeye tu, na ana siku saba za kujibu kwa namba moja ya simu. Asiyejibu nahesabu hajakubali, natoa. Siku ya nane natengeneza albamu kwa picha safi zisizo na namba, na kila mtu ninamwalika kwa akaunti yake. Kiungo nakizima, kwa sababu kikiwa wazi yeyote aliyekipata anaingia, hata shemeji wa kiume. Nawazuia wengine wasiongeze picha, la sivyo utakuta kuna zisizopita mezani.

mama_wawili
Mpiga picha wetu alizibandika za mwanangu kwenye ukurasa wake wa biashara bila kuuliza! Mnaweza kumshitaki. Septemba 2023 Kamishna wa Data hapa Kenya aliitoza shule moja Sh 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

fundi_wa_kamera
Pole, mama. Kesi yako ni nyingine, ile ni biashara. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 haiyagusi mambo yaliyo ya nyumbani peke yake, na albamu ya familia ni ya nyumbani. Lakini umenikumbusha: binti, mpiga picha wako pia apewe orodha ya namba zilizotolewa, azifute kwake. Hapo ndipo wengi husahau.

binti_kibokoni
Tumekaa jana kwa mama, watu 23. Zimetoka picha 58, nyingi si za waliojitengeneza mbele ya kamera, ni za waliopita nyuma wakila sambusa. Shangazi mmoja wa Muscat hana akaunti ya Google, nimeamua nitamtumia za kwake kama dokumenti ili zisibanwe.

Swali limebaki moja. Namba 214 ni ya pamoja, watu 11, bibi harusi katikati, nzuri kuliko zote. Kumi wanaitaka, mmoja hataki. Kumkata haiwezekani, amemshika bega bibi harusi.

mwana_wa_bandari
Kumi kwa mmoja, kura imepita.

fundi_wa_kamera
Kura haiingii hapo. Mimi ningeitoa.

mama_wawili
Mzibeni uso kwa ua la asumini.

binti_kibokoni
Nimemuuliza kuhusu ua. Amecheka, amesema atanijibu Ijumaa.