Bedsita ya futi 10 kwa 12: nipige kwa 0.5x, 1x au panorama?

asha_kahawa
Wadau habari. Nasimamia bedsita kadhaa hapa Kahawa West na moja inabaki wazi mwisho wa mwezi. Ni futi 10 kwa 12. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, dirisha liko ukuta unaoelekeana nao na linatazama mashariki. Kaunta ya jikoni iko kushoto ukiingia tu. Mpangaji bado anaishi humo.

Nikipiga kwa 1x napata kitanda na dirisha, kaunta haipo. Kwa 0.5x kila kitu kinaonekana, lakini chumba kinageuka ukumbi wa harusi. Watu wakifika wanasimama mlangoni wananiuliza kama ndicho chenyewe. Nikajaribu panorama, ukuta ukapinda kama ndizi. Nyinyi mnatumia ipi?

kevo_pipeline
1x, basi. Iko karibu zaidi na jicho la mtu kuliko 0.5x. 0.5x ni uongo na wapangaji wameshaijua, wakiona kingo zimevutika wanapita. Usipoteze nauli za watu.

mzee_lenzi
Kevo umegusa penyewe lakini hujafika. Tuchukue chumba cha Asha tukipime.

Simama katikati ya ukuta wa mlango, mgongo ukutani, uelekeze simu dirishani ikiwa imelala. Lenzi ya 1x kwenye simu nyingi itaanza kuona kuta za pembeni zikiwa umbali wa kama futi 7 na nusu mbele yako. Chumba kina urefu wa futi 12, kwa hiyo picha itaonyesha futi 4 na nusu za mwisho tu za kila ukuta wa pembeni. Zaidi ya nusu ya kila ukuta wa pembeni iko nje ya picha, kaunta ikiwemo. Picha hiyo nayo inaficha, ingawa hakuna kilichovutika.

Ukienda 0.5x kuta zinaanza kuonekana chini kidogo ya futi 4 kutoka kwako. Umepata kaunta. Sasa tazama ukuta wa dirisha. Kwenye 1x ulijaza karibu theluthi mbili za upana wa picha, kwenye 0.5x unajaza chini ya theluthi moja. Anayetazama hajui umetumia lenzi gani. Anaona dirisha dogo, anadhani liko mbali. Ndiyo maana watu wako wanashangaa mlangoni: chumba hakikuongezeka upana machoni mwao, kiliongezeka kina.

Njia ninayopendelea ni katikati. Vuta kipimo cha lenzi pana hadi 0.7x. Kuta zinaanza kama futi 5, na ukuta wa dirisha unachukua kidogo zaidi ya sehemu mbili kati ya tano, yaani kama 43 kwa mia, ya upana. Simu hapo inakata kingo na kubakiza sehemu ya katikati tu ya picha ya lenzi pana, kwa hiyo inapoteza ukali kidogo na inahitaji mwanga wa kutosha, lakini sehemu iliyovutika vibaya zaidi imebaki nje.

asha_kahawa
Kwa 0.7x kaunta bado itakatwa, si ndiyo? Inaanza futi 2 kutoka mlangoni.

mzee_lenzi
Itakatwa, ndiyo. Picha moja haiwezi kubeba chumba kizima kwa uaminifu. Piga tatu. Ya kwanza kutoka mlangoni kwa 0.7x. Ya pili nenda upande wa dirisha, uelekee mlangoni, hapo kaunta inaonekana na mtu anajua iko karibu na mlango. Ya tatu ni kaunta yenyewe kwa 1x, ukiwa umesimama ukuta wa kulia na kuielekea uso kwa uso.

Simu ibaki imelala, futi 4 kutoka sakafuni, kioo chake kikiwa wima kabisa, usiiinamishe kuonyesha sakafu. Ukiinamisha, kuta zinakaribiana kwa chini na chumba kinafanana na faneli. Washa mistari ya gridi, ulinganishe mstari mmoja na ukingo wa dirisha au fremu ya mlango.

fundi_rangi
Kuhusu panorama: simu inashona vipande huku wewe ukizunguka. Watu wengi hunyoosha mkono na kuzunguka na mwili, hivyo lenzi yenyewe inahama. Ukuta ulio karibu unasogea kuliko ulio mbali, mshono haukutani, unaona fremu ya mlango imekatika katikati. Ukizungusha simu pale pale ilipo, mikato inapungua, lakini ukuta ulionyooka bado utachorwa umepinda. Panorama ipeleke juu kwenye paa la kuanikia nguo, ndani ya futi 10 haina kazi.

nyambu_k
Mimi nataka kuuliza, hii pesa ya kuonyeshwa nyumba ni halali kweli? Nililipa ajenti mmoja anionyeshe chumba Roysambu, nikafika, picha zilikuwa za jengo lingine kabisa. Dirisha la kweli linafunguka kwenye ukuta wa jirani, unaweza kuugusa kwa mkono.

asha_kahawa
Pole sana dada. Hiyo si shida ya lenzi, hiyo ni picha ya kuazima. Mimi silipishi mtu kutazama.

nyambu_k
Sawa, lakini lenzi pia inahusika. Picha nyingi dirisha ni weupe mtupu, huoni kilicho nje. Nikiona hivyo najua kuna ukuta.

mzee_lenzi
Nyambu ana hoja, ingawa mara nyingi weupe ule si hila. Simu imepima mwanga wa chumba, dirisha likaungua. Gusa dirisha kwenye kioo cha simu, shikilia hadi ijifunge (kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK), kisha pandisha mwanga kidogo kidogo mpaka chumba kionekane na nje bado kuna umbo. HDR iwe imewashwa. Kama tofauti ni kubwa mno, acha hivyo, ongeza picha ya nne: dirisha wazi, 1x, ukisimama hatua mbili nyuma. Ukuta wa jirani ukiwepo, uonekane. Atakayeukataa angeukataa hata akifika.

Dirisha la Asha linatazama mashariki, asubuhi jua linaingia moja kwa moja na kuchora mraba mweupe kitandani. Apige kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Ile Julai ya mawingu mazito ni rahisi zaidi, mwanga umetulia siku nzima.

Na azime taa. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, ukuta mmoja unakuwa wa chungwa na mwingine wa samawati, simu haijui ifuate upi. Ikibidi kuwasha, kwa mfano bafuni, balbu nyingine za LED huacha michirizi ya giza kwenye picha. Umeme wetu ni hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweza kupanga kasi ya shata mwenyewe weka 1/50 au 1/100 ya sekunde, michirizi inaisha.

fundi_rangi
Usafi sasa, maana hapo ndipo picha nyingi huharibika. Kanuni yangu: kitakachoondoka na mpangaji kiondoe, kitakachobaki kiache kionekane. Ndoo, beseni, nguo za mlangoni, viatu, kamba za chaja, vyote vitoke nje dakika kumi. Kilichobaki mezani kisizidi vitu vitatu. Kifuniko cha choo kishuke, kitambaa cha kusugulia kitoke kwenye sinki, mapazia yafunguliwe mpaka mwisho pande zote.

Lakini alama ya maji kwenye kona ya dari usiifute kwa simu. Na usipake rangi juu yake ili upige picha, unyevu ukiwa bado unaingia rangi itatoka mabaka. Ziba panapovuja kwanza, paache pakauke kabisa, ndipo upake.

kevo_pipeline
Na kitanda je? Kuna watu wanaweka kitanda cha 3 kwa 6 ili chumba kionekane kikubwa.

fundi_rangi
Kweli, kila mtu hapa anapima chumba kwa kitanda. Asha, aliye humo ana kipi?

asha_kahawa
4 kwa 6, kimesukumwa ukuta wa kulia.

mzee_lenzi
Kiandike kwenye maelezo: "kitanda kinachoonekana ni 4 kwa 6." Kazi ya tangazo inakuwa nusu. Angalia tu kisikae kwenye ukingo wa picha, kwa sababu huko lenzi pana inavuta vitu kwa upana na 4 kwa 6 inafanana na 5 kwa 6. Jaribio rahisi: tafuta kitu cha mviringo, saa ya ukutani au beseni, kiweke ukingoni mwa picha. Kikiwa kama yai, chochote kilichosimama hapo kinavutika vivyo hivyo. Sogea au rudi 1x.

bahati_juja
Msisahau kuna mtu anaishi humo. Omba ruhusa, umwambie picha zitawekwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na hata bila sheria hakuna anayependa picha ya harusi yake iende mtandaoni. Geuzeni picha za familia na vyeti vya ukutani. Kuna vitatu husahaulika: kibandiko cha ruta chenye nywila ya Wi-Fi, namba ya mita ya tokeni, na funguo zilizotundikwa. Ufunguo uliopigwa picha ya karibu unaweza kuchongwa mwingine. Halafu kioo cha ukutani, kisikuonyeshe wewe na simu yako.

asha_kahawa
Ameshakubali Jumamosi saa nane na nusu. Nitapima kwa tepu nikiwa huko niandike futi na mita. Swali la mwisho: bafu ni futi 3 kwa 5. Hapo 0.7x haioni kitu.

mzee_lenzi
Bafu hilo pekee tumia 0.5x. Simama nje ya mlango, choo kikae katikati ya picha, na vipimo viandikwe chini ya picha hiyo hiyo.

kevo_pipeline
Hapo ndipo siwaelewi. Chumba 0.5x ni uongo, bafu 0.5x ni sawa? Mimi ningepiga mbili za 1x, moja choo, moja bomba la kuogea.

mzee_lenzi
Mbili za 1x hazimwonyeshi kwamba ukioga maji yanaruka mpaka kwenye choo. Hilo ndilo swali la bafu la futi 3 kwa 5.

nyambu_k
Mimi nitachagua ile inayoonyesha kama kuna hita ya maji ya moto. Hiyo hata hamjaitaja.