Naomba ushauri: tangazo la onyo kuhusu gari la kampuni

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia stoo yenye pikapu moja na madereva watatu. Jumatatu nilikuta kilomita 140 zimeongezeka tangu Ijumaa jioni, na daftari la safari halina kitu. Bosi anataka nibandike: "Atakayekamatwa atafukuzwa papo hapo." Naona si haki, sheria ya kazi hapa Tanzania inataka mtu asikilizwe kwanza. Nimeandika hivi:

"Gari halitoki bila safari kuandikwa na kusainiwa. Mwenye dharura aombe kwa msimamizi. Atakayekiuka ataitwa kujieleza kabla ya hatua za nidhamu."

Je, nizitaje zile kilomita 140, au nitaonekana nawatuhumu wote watatu?