Mazungumzo, muziki na efekti: traki tatu au traki nane? Na unaanza kumiksi lipi?

Mhariri_Njiro
Wakuu, naomba ushauri. Kuna filamu ya dakika 12 kuhusu mkulima wa kahawa kule Marangu. Ina mahojiano ya mzee kwa maiki ya kifuani, mashine ya kumenya kahawa, mvua inayopiga bati karibu nusu ya filamu, na muziki wa ngoma na manyanga. Kazi iko kwenye DaVinci Resolve. Nashindana na njia mbili.

Ya kwanza ni traki tatu tu, yaani mazungumzo, muziki na vingine vyote, halafu kila klipu naishusha na kuipandisha yenyewe. Ya pili ni traki nane zinazoingia kwenye makundi matatu. Ya kwanza ni ya haraka. Ila mteja amedokeza kwamba huenda baadaye akataka toleo la Kiingereza, sauti ya mzee itoke na asome mtu mwingine. Ipi ina unafuu?

Dogo wa Sakina
Traki tatu zinatosha kabisa kwa dakika 12. Shika kila klipu uinomalaizi iwe -14 LUFS, ndiyo kiwango cha YouTube. Umemaliza.

Fundi_Sauti_Kaloleni
Mkuu, hilo toleo la Kiingereza ndilo linaloamua. Kama lisingekuwepo ningekuambia traki tatu ukiweza. Maadamu lipo, chukua nane.

Sababu ni hii. Maiki ya mzee haikunasa maneno yake peke yake. Imenasa mvua, kikombe kinachowekwa mezani, kiti kinacholia. Ukizima traki yake ili aingie msomaji, vyote hivyo vinaondoka naye. Mtazamaji ataona kikombe kinatua bila sauti na mvua inakatika kila mzee anapofungua mdomo.

Panga hivi: A1 mzee, A2 msimulizi, A3 vitendo vilivyonaswa na maiki ya mzee, A4 hewa ya mahali, A5 mashine na vitendo ulivyorekodi kando, A6 mvua na mazingira, A7 na A8 muziki. Kisha A1 na A2 ziende Bus 1, A3 mpaka A6 ziende Bus 2, muziki Bus 3.

A3 ndiyo watu wengi huiruka. Pita filamu nzima. Kila mahali kikombe kinapogonga na mzee amenyamaza, kata kipande hicho ukishushe A3 bila kukisogeza mbele wala nyuma, na ukiunganishe na jirani zake kwa fremu mbili za kufifisha ili kisibofye. Akigonga huku anaongea, kipande hicho hakitenganishiki. Rekodi kikombe upya juu ya meza ya mbao, ukiweke A5.

A4 ni sekunde 30 hivi za mahali pale pale, maiki ile ile, mtu yeyote asiseme. Zitandaze chini ya maneno yote ya mzee, halafu uizime A4 kwenye toleo la Kiswahili. Ukiiacha wazi, mvua ya A4 itajumlika na ile iliyo ndani ya maiki ya mzee, na kelele itapanda kwa takriban desibeli 3 kila anapoongea. Unaifungua tu unapotoa toleo lisilo na maneno.

Dogo wa Sakina
Na ile -14 je?

Fundi_Sauti_Kaloleni
Namba si ya uongo, ila inapimwa kwenye mchanganyiko wa mwisho, si kwa kila klipu. Ukiweka mzee -14, ngoma -14 na mvua -14, vikilia pamoja vitazidi hapo, na mzee hatasikika kwa sababu wote wana nguvu sawa. Pia YouTube hushusha kilichozidi, lakini kilicho chini haikipandishi. Kwa hiyo kukaa chini kidogo ni salama kuliko kuzidisha.

Mama_Hariri_Moshi
Niongeze kitu kwenye Bus. Ukifungua `Fairlight > Bus Assign`, angalia traki isiwe imepelekwa kwenye makundi mawili kwa wakati mmoja. Ikiwa hivyo, sauti ile ile inafika mwisho mara mbili na inapanda desibeli 6. Dalili ni kwamba unashusha feda ya kundi lakini sauti haipotei. Njia ya kukagua: zima Bus 1 uone kama mzee ananyamaza kabisa. Ukimsikia kwa mbali na A3 na A6 nazo umezizima, kuna njia umeisahau.

Sasa mpangilio wa kumiksi. Mazungumzo kwanza, vingine vyote vimezimwa. Ondoa mngurumo wa chini ya 80 Hz, sawazisha sentensi moja na nyingine kwa mkono, kompresa baadaye na kidogo tu. Ukianza na kompresa kali, kila mzee anaponyamaza mvua inavimba, akianza inazama, na inasikika kama bahari. Bus 1 ikifika karibu -16 LUFS, usiguse tena kitufe cha sauti cha spika zako mpaka mwisho. Hapo ndipo fungua mvua, kisha vitendo, muziki mwishoni.

KingBeat_Unga
Hapo sikubaliani. Muziki ndio roho. Sisi tunaweka biti kwanza na kila kitu kinakaa juu yake.

Mama_Hariri_Moshi
Kwenye video ya wimbo uko sahihi kabisa, kaka, picha inakatwa kufuata biti. Na hata hapa anaweza kukata picha kwa kufuata ngoma. Kumiksi ni hatua nyingine. Ukianza na muziki sikio linaukubali ukubwa wake, halafu unampandisha mzee ili aushinde, kisha mvua, na mwisho mita ni nyekundu.

Halafu sikiliza ala moja moja. Ngoma yenyewe iko chini, haimsumbui mzee sana. Manyanga ndiyo adui, yanakaa pale pale kwenye "s", "sh" na "f", na mvua ya bati nayo iko huko. Kama muziki umepewa vipande vipande, weka ngoma A7 na manyanga A8, ushushe A8 tu anapoongea. Kama ni faili moja, punguza desibeli 3 au 4 kwenye eneo la 2 hadi 5 kHz. Kwenye simu ngoma itapotea karibu yote, manyanga yatabaki, kwa hiyo kagua huko pia.

Mtumishi_Arusha
Wapendwa, na sisi kanisani tuna mikseri ya chaneli 12, kwaya inammeza mhubiri. Nifuate mpangilio huu?

Mama_Hariri_Moshi
Mtumishi, yako ni ya moja kwa moja, haina nafasi ya kurudi nyuma. Fungua uzi wake, utaje na maiki mnazotumia. Ila hata huko mhubiri huanza kuwekwa kabla ya kwaya.

Mhariri_Njiro
Nimewaelewa, nakwenda na nane. Swali moja: kushusha muziki mzee anapoongea, nitumie kompresa inayosikiliza Bus 1 au nichore kwa mkono?

Fundi_Sauti_Kaloleni
Kompresa. Irudi polepole, kama sekunde moja, ili muziki usiruke kila anapovuta pumzi.

Mama_Hariri_Moshi
Kwa mkono. Wazee hutulia sekunde mbili tatu katikati ya wazo, na kompresa itadhani kamaliza. Ngoma itapanda, kisha mzee anaendelea.

Fundi_Sauti_Kaloleni
Basi irudi kwa sekunde tatu.

Mama_Hariri_Moshi
Na pale anapomaliza kweli na picha inakatika kwenda kwenye mashine? Utasubiri sekunde tatu muziki uingie?